Mamogramu: Hesabu Nauli ya Safari ya Pili

Dada yangu anauza vitenge Bunda mjini, na ndiye mweka hazina wa kikoba cha akina mama 24. Oktoba iliyopita alinipigia simu alfajiri, kabla hajafungua duka.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Nisikilize, mdogo wangu. Kikoba kimepitisha tukodi Koasta twende Mwanza kupiga ile picha ya matiti. Wote 24. Ijumaa natakiwa nitoe hela. Nitoe, nisitoe?”

Nilimwomba siku tatu. Miaka mingi nimeandika habari za afya, na mamogramu nilikuwa nimeitaja mara nyingi kama jambo la kheri lisilohitaji mjadala. Ila hela ya kikoba ni jasho la watu. Mwenye kuomba ushauri juu yake anastahili hesabu, na hesabu hiyo nikaifanya kwenye daftari la mistari huku Koasta ya dada ikiwa mbele yangu kama mfano.

Kwanza kabisa nilimpigia nikamuuliza swali moja: kati ya hao 24, yupo yeyote mwenye uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, chuchu inayotoa damu, au ngozi ya titi iliyokunjamana kama ganda la chungwa?

Akanyamaza kidogo. “Yupo mmoja. Ana miaka 41. Ana kidude titi la kushoto tangu kabla ya Pasaka. Zahanati walisema ni jipu, wakampa dawa. Baadaye wakampa tena.”

Hapo mambo mawili yalitengana, na mengi yanayosemwa kuhusu mamogramu huharibika kwa sababu hayatenganishwi. Mwanamke huyu wa miaka 41 hayumo katika mjadala wa faida na hasara. Yeye ana dalili. Anachohitaji si uchunguzi wa watu wazima wa afya, ni kupimwa ugonjwa: mganga ayashike matiti yote mawili na makwapa, altrasaundi ipigwe, kisha kinyama kichukuliwe kwa sindano kikaangaliwe maabara. Hata mamogramu yake ikirudi safi, uvimbe ukiwa bado upo, hajapona shaka. Kipimo hicho hukosa saratani moja au mbili katika kila 10, na hukosa zaidi kwa wanawake ambao matiti yao yana tishu nyingi kuliko mafuta, jambo la kawaida kabla ya kukoma hedhi. Picha ya mwanamke wa namna hiyo hutoka nyeupe kama ukungu wa asubuhi ziwani, na uvimbe nao ni mweupe. Cheupe hakionekani vizuri ndani ya cheupe.

Nikamwambia dada: huyo asisubiri Koasta. Aende wiki hii, aanzie hospitali ya wilaya, aombe rufaa. Waliobaki 23 ndio tutakaowafanyia hesabu.

Nirudi kwao, basi. Hawa hawana dalili yoyote. Wanataka kujua kama wana saratani ambayo haijajitokeza. Huko Ulaya na Marekani jambo hili limepimwa kwa majaribio makubwa tangu miaka ya 1960, na hitimisho lake linaweza kusemwa kwa watu wa kuhesabika badala ya asilimia. Chukua wanawake 1,000 wa miaka 50 na zaidi ambao hawapigi mamogramu kwa takriban miaka 10. Katika muda huo, kama 5 watakufa kwa saratani ya matiti. Chukua wengine 1,000 wanaopiga kwa ratiba. Watakufa kama 4. Kwa hiyo mmoja ameokolewa na kifo hicho. Ni mtu, ana watoto, na sitaki mtu yeyote amdharau kwa kuwa ni mmoja. Lakini waliobaki katika ile 1,000 nao wana cha kueleza. Kama 100 kati yao wataambiwa picha ina shaka, kumbe hakuna kitu. Na kama 5 watatibiwa saratani ambayo, ingeachwa, isingewadhuru maishani mwao.

Wataalamu hawakubaliani kikamilifu juu ya namba hizo. Jopo huru lililokaa Uingereza chini ya Michael Marmot mwaka 2012 liliona faida ni kubwa zaidi, likasema kwa kila mwanamke mmoja aliyeokolewa kuna watatu hivi waliotibiwa bila sababu. Watafiti wengine wanaona ni wengi kuliko hao, wengine wachache. Hakuna anayesema ni sifuri.

Hebu nilieleze hilo la kutibiwa bila sababu, maana ndilo gumu kulimeza. Sisi tumezoea kwamba saratani ni saratani, ukiwahi unapona, ukichelewa unakufa. Ila darubini ikionyesha chembe zilizobadilika haisemi zitafanya nini. Nyingine hukaa ndani ya mirija ya maziwa bila kutoka nje. Nyingine hukua polepole kiasi kwamba mwenye nazo angekufa kwa presha au uzee akiwa na miaka 80 bila kujua. Mamogramu ni hodari sana wa kuzigundua hizi za polepole, kwa sababu zinakaa muda mrefu zikisubiri kupigwa picha. Ile ya haraka, inayoua, mara nyingi huchipuka katikati ya picha moja na nyingine. Tatizo ni kwamba daktari akikuta chembe hizo hawezi kukuambia yako ni ipi, kwa hiyo wote wanatibiwa. Mwanamke aliyetibiwa bila sababu hatajijua kamwe. Atasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mamogramu ilimwokoa, na atakuwa anasema kwa moyo safi.

Kwetu gharama ya kosa hilo ni nzito zaidi. Ukikatwa sehemu ndogo tu ya titi, kwa kawaida unahitaji mionzi baadaye, siku baada ya siku kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa Butiama hiyo ina maana ya kuhamia Mwanza, kwenye hospitali ya kanda ya Bugando, au Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kutafuta pa kulala. Hiyo ni moja ya sababu za wanawake wengi Tanzania kuishia kutolewa titi zima. Yule wa Ulaya anayetibiwa bila sababu anaweza kubaki na kovu dogo. Wa kwetu anapoteza titi, mkono unaweza kuvimba kama tezi za kwapa zimeondolewa, na miezi ya biashara inakwenda.

Sasa Koasta ya dada. Nilimwomba anitajie umri. Wa chini ya miaka 40 walikuwa 9. Kati ya 40 na 49 walikuwa 10, akiwemo yule mwenye uvimbe. Wa miaka 50 na kuendelea walikuwa 5, yeye mwenyewe akiwa na 52.

Marekani, wanawake 1,000 wakipiga picha siku moja, karibu 100 huitwa tena, na wenye saratani kweli kati yao huwa kama 5. Tuchukue kiwango hichohicho, ingawa sivyo kilivyo kwetu. Watu 23 ni 100 kwa 1,000 mara 23: wawili au watatu wataitwa tena. Na saratani? Ili kumpata mmoja mwenye saratani unahitaji kupima watu 200, yaani kama Koasta nane zilizojaa kama hii. Hao wa Koasta nane wangerudishwa kama 20, mmoja akiwa na ugonjwa, 19 wakiwa na hofu ya bure.

Kisha punguza. Saratani ya matiti Tanzania, ukilinganisha wanawake wa umri uleule, ni chini ya nusu ya ile ya Ulaya Magharibi au Marekani. Kwa hiyo Koasta zinazohitajika ni nyingi zaidi. Idadi ya wanaoitwa tena kwa hofu ya bure, kwa upande wake, haipungui, kwa sababu hofu hiyo haitoki kwa wagonjwa, inatoka kwa wazima. Wazima wakiwa wengi, nayo inabaki ilipo au inazidi. Hili ndilo jambo nililokuwa sijalifikiria kwa miaka yote niliyoandika. Faida hufuata wingi wa ugonjwa, usumbufu hufuata wingi wa watu wenye afya.

Na kuna la kuzidisha. Picha ya kwanza maishani ndiyo inayoitisha watu tena kuliko zote, kwa sababu msomaji hana ya zamani ya kulinganisha. Akiona kivuli hajui kama kilikuwapo miaka miwili iliyopita bila kubadilika, na kivuli kisichobadilika mara nyingi si cha kutisha. Kwa kikoba cha dada, kila picha ingekuwa ya kwanza.

Alipokuja Musoma kununua mzigo tulikaa naye na daftari. Alitaka bei, nami nikamwambia bei ya kipimo ni mstari mmoja tu, ataipata kwa kupiga simu hospitalini, na huo si mstari mkubwa. Tukaandika kwa kizio cha nauli moja ya Bunda hadi Mwanza, kama kilomita 150. Kwa mtu wa Musoma ni kama 220, akipandia Bweri, na wa Butiama lazima kwanza ajitoe hadi barabara kuu.

Safari moja ya kwenda na kurudi ni nauli mbili. Ukiwa na wa kukusindikiza, nne. Koasta ya kukodi ilikuwa imewashushia gharama hiyo, ndiyo sababu ilionekana rahisi. Lakini aliyeitwa tena harudi kwa Koasta. Anarudi peke yake au na mume au binti, siku aliyopangiwa, kwa picha za ziada na altrasaundi: nauli nne nyingine. Kama altrasaundi haikuondoa shaka anachukuliwa kinyama, na kinyama kina safari yake ya kufuata majibu: nne tena. Ongeza kulala, ongeza chakula, ongeza siku za duka kufungwa, na ongeza malipo ya maabara yenyewe. Wawili au watatu wa kikoba wangebeba mzigo huo, na hawakuwa wamepangiwa hata shilingi.

“Kumbe hela ya Koasta ndiyo ndogo,” dada akasema.

Ndiyo ndogo. Na kosa kubwa la kampeni nyingi za siku moja liko hapo hapo: wanagharimia picha, hawagharimii safari ya pili. Mwanamke aliyeambiwa “tunaona kitu, rudi” halafu akakosa nauli ya kurudi ameuziwa hofu tupu. Kama hakuwa na saratani, ataishi nayo miezi bila jibu. Kama anayo, picha haijamsaidia chochote, kwa sababu picha haitibu. Faida yote ya majaribio yale ilipitia matibabu yaliyofuata haraka.

Tena majaribio yale hayakupima picha moja. Wanawake waliitwa tena na tena, mara nyingi kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilipendekeza kwa nchi zenye uwezo uchunguzi wa kila miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, tena kwa mpango ulioandaliwa wenye ufuatiliaji. Kwa nchi ambazo huduma zake bado ni dhaifu, mwongozo huohuo ulisema mpango wa mamogramu haulipi gharama zake, na nguvu iwekwe kwenye kuwatambua mapema wenye dalili na kuwatibu bila kuchelewa. Marekani mwaka 2024 walishusha umri wa kuanza hadi 40, kila miaka miwili. Ushauri huo una wanaoupinga hata kwao, na umejengwa juu ya hospitali ambako aliyeitwa tena kwa kawaida hupata majibu ndani ya siku au wiki chache.

Kwa hiyo mtu wa Bunda anayesema “nitapiga” anatakiwa aseme anapiga mara ngapi. Kila miaka miwili kutoka 50 hadi 58 ni picha tano. Safari tano na msindikizaji ni nauli 20, bila kuhesabu kuitwa tena. Anayepiga mara moja tu, tena kwa sababu Koasta imekodiwa, anabeba sehemu kubwa ya usumbufu na kupata sehemu ndogo ya faida. Kati ya machaguo yote tuliyoandika kwenye daftari, hilo ndilo nililomwambia dada wazi kwamba ni ununuzi mbaya.

Akaniuliza, basi wasifanye chochote?

Kuna mikono. Muuguzi au mganga aliyefundishwa anashika titi lote, robo kwa robo, kwa vidole vitatu vya kati, tambarare si kwa ncha, kwa nguvu tatu tofauti: juu ya ngozi, katikati, hadi kwenye ubavu. Kisha kwapa, kisha juu ya mtulinga. Inachukua dakika kadhaa kwa kila upande ikifanywa sawasawa. Akikupapasa kwa nukta moja huku unavua kanga, hajakupima. Mumbai, India, walilijaribu jambo hili kwa miaka 20 kwa wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64, wakipimwa kwa mikono kila miaka miwili na wahudumu wa afya waliofundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: saratani ziligunduliwa zikiwa katika hatua za awali zaidi, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Kwa wadogo zaidi vifo havikupungua. Si muujiza, na mikono nayo ina hofu zake za bure, maana vivimbe vingi vya matiti si saratani. Lakini inafanyika kwenye kituo cha afya Bunda au Butiama, bila nauli ya Mwanza, na aliyepata shaka anajua mlango wa kurudi.

Kwetu shida kubwa iko mahali pengine kabisa. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta kwamba karibu 8 katika kila wagonjwa 10 hufika ugonjwa ukiwa umeshakua sana. Hao hawakukosa mamogramu. Walikuwa na uvimbe waliouona wenyewe, wakaoga nao, wakaugusa, na miezi ikapita. Mwingine aliogopa kukatwa. Mwingine alikwenda kwa mganga wa kienyeji. Mwingine, kama yule wa kikoba, alikwenda hospitali mapema akapewa dawa ya jipu.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu shangazi yetu alifariki kwa njia hiyohiyo. Alipewa dawa za bakteria mara nne na kituo ambacho sitakitaja, na kila mara uvimbe ukipungua maumivu kidogo alirudi shamba akidhani anapona. Alipofika Mwanza ulikuwa umetoboa ngozi. Jipu la titi huwa jekundu, la moto, lenye homa, na mara nyingi kwa mama anayenyonyesha. Likipewa dawa sahihi hubadilika wazi ndani ya wiki moja au mbili. Uvimbe mgumu usiouma, usio na homa, kwa mwanamke asiyenyonyesha, haujawa jipu hata ukiandikwa jipu kwenye cheti. Na ule ulioandikiwa dawa ukabaki palepale baada ya wiki mbili au tatu, mgonjwa ana haki ya kusema neno moja: “Naomba rufaa ya altrasaundi na kinyama.” Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka lengo kwamba kutoka siku mgonjwa anapojitokeza hadi kujua ana nini zisipite siku 60. Siku 60 ndiyo saa ya kuangalia ukutani.

Yule mwanamke wa miaka 41 alikwenda siku ya Jumatano. Kikoba kilimpa nauli nne na hela ya kula kutoka kwenye ile ya Koasta. Hospitali ya wilaya ilimpa rufaa, akafanyiwa altrasaundi Musoma, kisha sindano ya kinyama. Dada alikuwa naye. Nilikuwa nimemwambia mambo matatu ya kuangalia: kinyama kiingie kwenye chupa ya fomalini, kiwe kinaelea humo kwenye dawa ya kutosha na si kubanwa chini kwenye dawa kidogo, chupa iandikwe jina na titi la upande gani kabla hawajatoka chumbani, na aondoke na namba ya mtu wa kumpigia kuuliza majibu. Kinyama kikikauka au kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kikakaa, chembe huharibika, na maabara hairudishi jibu la maana. Na likitoka jibu la saratani, lisitoke peke yake: liulizwe pamoja na kipimo cha homoni, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua kama vidonge vya tamoksifeni vitamfaa.

Jibu lilichukua wiki tatu. Lilikuwa uvimbe usio wa saratani, wa aina inayowapata sana wanawake wa umri wake na wadogo zaidi. Alilia getini, dada akaniambia, kwa sauti ambayo walinzi walidhani ni msiba.

Kikoba kilikutana tena Novemba, wakaupangua uamuzi wao. Wale 9 wa chini ya miaka 40 walitolewa kabisa kwenye habari ya mamogramu, na hakuna mwongozo unaowashauri kuipiga bila dalili au bila historia nzito ya familia. Waliokuwa na miaka 30 na zaidi walikubaliana kwenda kupimwa mlango wa kizazi kwenye kituo cha afya, na mikono ipite matitini siku hiyohiyo. Sikuwasukuma, ila niliona wamepata bei nzuri. Makadirio ya mwaka 2020 yaliweka saratani ya mlango wa kizazi Tanzania zaidi ya wagonjwa wapya 10,000, na ya matiti karibu 4,000, na mabadiliko ya mlango wa kizazi yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani, mara nyingi siku hiyohiyo kituoni. Titi halina nafasi ya namna hiyo.

Katika wale wa miaka ya 40, mmoja alisema mama yake na mdogo wa mama yake wote walifariki kwa saratani ya matiti, mama akiwa na miaka 43. Huyo hesabu yangu haimfai. Kwake ugonjwa ni mwingi, kwa hiyo faida inapanda. Alikwenda kuonana na daktari bingwa Bugando apangiwe yeye binafsi.

Wa miaka 50 na zaidi walibaki 5, na walitofautiana, nami nadhani kila mmoja alikuwa sahihi. Dada alisema hatapiga. Angeenda kwa muuguzi kila mwaka, na hela ya nauli 20 akaitenga kwenye kisanduku cha kikoba kwa jina la “safari ya titi”, itumike siku mwanachama yeyote atakapoona kitu. Wawili wakamfuata. Mmoja akasema hawezi kuamua, akaachwa bila kusukumwa.

Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 57. Mwanawe anakaa Nyegezi, Mwanza, kwa hiyo kulala si tatizo. Ana bima ya afya. Nilimshauri aulize kwanza swali ambalo wengi hulisahau: bima inalipia mamogramu ya mtu asiye na dalili, au ile tu aliyoandikiwa na daktari baada ya malalamiko? Na aulize hospitali kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na nani anayesoma picha, maana picha isiyosomwa kwa wakati ni sawa na ambayo haijapigwa. Aliuliza yote. Kisha akasema, “Kwangu mimi safari ya pili ni rahisi. Na baba yangu alinifundisha kutoogopa kuambiwa ukweli. Nitapiga, nitarudi kila miaka miwili mpaka nifike 69.”

Alipiga mwezi wa Desemba. Titi lilibanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache, mara mbili kila upande, akasema linauma ila si la kulia. Aliitwa tena kwa kivuli upande wa kulia. Altrasaundi ikaonyesha ni kifuko cha maji, wakamwachia aende. Kati ya simu ile na altrasaundi zilipita siku 11, na anasema katika siku hizo hakulala vizuri hata mara moja, japo alikuwa amesoma daftari lote na kujua kwamba wengi wa wanaoitwa huwa wazima.

Picha zake alizichukua kwenye diski, ameziweka kwenye droo ya kabati pamoja na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja, maana mwaka kesho kutwa msomaji atazihitaji kulinganisha kile kivuli.